Jozi ya Darlington: Mkondo Unazidi, Volti Zinaliwa

Fungua bodi ya mashine ya kufulia, au ile inayoendesha rilei za kiyoyozi, na mara nyingi utakuta IC nyeusi ya miguu 16 iliyoandikwa ULN2003. Nenda kwa fundi wa amplifaya, kwenye kopo lake la transista zilizonyofolewa, utakuta TIP122 au TIP142. Ukizitazama hizi za TIP, zina miguu mitatu kama transista nyingine yoyote: beisi, kolekta na emita. Ila ndani ya kila ganda mmejificha transista mbili zilizofungwa pamoja, na ndani ya ile ULN2003 ziko jozi saba za namna hiyo. Ni mpango unaompa fundi kitu anachokihitaji sana, kisha unamdai malipo ambayo wengi huyagundua baada ya kitu kuungua.

Tuanze na transista moja. Mkondo mdogo unaoingia kwenye beisi unaruhusu mkondo mkubwa zaidi kupita kutoka kolekta kwenda emita. Ule mkubwa ukigawanywa kwa ule mdogo, unapata uwiano ambao mita nyingi huuonyesha kwa herufi hFE. Transista ndogo za ishara, kama BC547, uwiano wao huanzia kama 110 kwenda juu. Kwa transista kubwa za nguvu mambo ni tofauti. 2N3055, ile ya ganda la chuma ambayo imeendesha amplifaya na pawasaplai kwa miongo mingi, inahakikishiwa uwiano wa 20 tu ikipitisha ampea 4. Maana yake ni kwamba ukitaka ampea 4 upande wa kolekta, lazima uilishe beisi miliampea 200. Pini ya bodi ya Arduino Uno inashauriwa isizidi miliampea 20. Hapo mahesabu yanagoma.

Dawa yake ni kuweka transista ndogo imlishe mkubwa. Emita ya transista ya kwanza inaunganishwa na beisi ya ya pili, na kolekta zao mbili zinafungwa pamoja. Unachokitia kwenye beisi ya kwanza kinakuzwa mara moja, na kile kilichokuzwa kinaingia kwenye beisi ya pili na kukuzwa tena. Kama kila moja ina uwiano wa 100, jozi nzima inafikia kama 10,000. Ukitaka kuwa mkali wa hesabu, ni 10,200, kwa sababu kwenye mkondo wa pato kuna pia mchango wa kila transista peke yake:

```
B = B1 x B2 + B1 + B2
```

Lakini hakuna fundi anayejisumbua na hizo 200, maana uwiano wa transista zilizotoka kiwanda kimoja, siku moja, unaweza kutofautiana mara mbili au tatu.

Mwenye wazo hili ni Sidney Darlington, mhandisi wa maabara za Bell nchini Marekani, aliyezaliwa Pittsburgh mwaka 1906. Transista yenyewe ilikuwa imezaliwa kwenye maabara hizo hizo Desemba 1947, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 bado ilikuwa bidhaa adimu. Darlington hakuwa mtu wa kutengeneza transista. Sifa yake ilitokana na hisabati ya saketi za kuchuja mawimbi. Huenda ndiyo sababu aliziangalia transista mbili kama kifaa kimoja chenye miguu mitatu, jambo ambalo wengine hawakuliona. Aliomba hati miliki mwaka 1952 na akapewa tarehe 22 Desemba 1953. Hati hiyo ilizungumzia transista zinazoishi kwenye kipande kimoja cha nusu-kipitishi na kuchangia kolekta moja. Husimuliwa kwamba yeye alitaka iandikwe kwa idadi yoyote ya transista, ila mwanasheria akaifunga kwenye mbili au tatu. Kama angeachiwa, pengine kila kiwanda cha IC duniani kingemlipa Bell kitu kidogo.

Nguvu ya jozi hii inaonekana kwa jaribio la dakika tano. Chukua betri ya volti 9, taa ndogo ya LED yenye rezista ya om 470, na BC547 moja. Unganisha taa upande wa kolekta. Kisha acha nyaya mbili wazi: moja inatoka kwenye chanya ya betri, nyingine inaingia beisi kupitia rezista ya kilo-om 10, ili nyaya zikigusana kwa bahati mbaya transista isife. Bana ncha hizo mbili kwa kidole kikavu. Ngozi kavu inaweza kuwa na ukinzani wa kama mega-om moja, kwa hiyo kinachopita kidoleni ni mikroampea 8 hivi. Ukikuza mara 100 unapata miliampea 0.8, na taa inawaka kwa unyonge, labda uione ukiikinga jua kwa kiganja. Sasa ongeza BC547 ya pili kwa mtindo wa Darlington, ubane tena. Mikroampea zile zile 8 zinatosha kudai miliampea 80 upande wa pili. Taa inachukua 13 tu, kwa kuwa rezista yake haimruhusu zaidi, na inawaka kikamilifu. Kidole kile kile, betri ile ile.

Ila kwenye jaribio hilo hilo, ukipima volti kati ya beisi ya kwanza na hasi ya betri, deni linaanza kujitokeza. Transista moja ya silikoni huanza kufunguka beisi yake ikifika kama volti 0.6 au 0.7 juu ya emita. Kwenye jozi, ishara inapanda vizingiti viwili mfululizo, cha transista ya kwanza kisha cha ya pili, kwa hiyo inahitaji volti 1.2 hadi 1.4 kabla chochote hakijatokea. Seli moja ya tochi ya volti 1.5 iliyoanza kuchoka haiiwashi jozi hii sawasawa, ilhali ingeiwasha transista moja bila shida. Mkondo ukiwa mkubwa kizingiti kinapanda zaidi. Karatasi ya vipimo ya TIP122 inasema kwamba kwa ampea 3, beisi inaweza kudai hadi volti 2.5.

Upande wa pato kuna deni jingine, na mizizi yake ni ile ile. Transista moja ikifunguliwa kabisa, volti kati ya kolekta na emita zinaweza kushuka hadi 0.2 kwa mikondo midogo. Jozi ya Darlington haiwezi kufika huko. Fikiria: transista ya pili inabaki wazi kwa sababu ya kwanza inailisha, na hiyo ya kwanza inavuta chakula kutoka kolekta ile ile wanayoichangia. Kolekta ikishuka mno, ya kwanza inakosa cha kulisha, na ya pili inaanza kujifunga. Basi kolekta inasimama pale ambapo volti 0.7 za beisi ya pili zinajumlishwa na 0.2 za transista ya kwanza. Hiyo ni kama volti 0.9, na hushuki chini yake hata uimwagie beisi mkondo wa kutosha kuendesha mota. Kwa mikondo mikubwa, ukinzani wa ndani ya kipande chenyewe unaongeza juu ya hapo.

Hebu tuchukue kazi halisi. Una mota ya volti 12 inayovuta ampea 3, tuseme ya feni ya gari, na unataka kuiwasha kwa pini ya volti 5 ya Arduino kupitia TIP122. Kiwanda kinahakikisha uwiano usiopungua 1,000 kwa ampea 3, kwa hiyo mtu anaweza kudhani miliampea 3 zinamtosha. Lakini ukisoma mstari unaozungumzia volti zinazobaki kwenye kolekta, utaona wamepima kwa miliampea 12 za beisi. Fuata huo. Pini inatoa volti 5, beisi inakula hadi 2.5, zinabaki 2.5 za kuangukia kwenye rezista:

```
R = (5 - 2.5) / 0.012 = 208
```

Rezista iliyo karibu dukani ni ya om 220, na hiyo inafaa. Transista yako ikiwa bora kuliko ile mbaya iliyotajwa kwenye karatasi, mkondo utapanda kidogo kufika kama miliampea 15, na pini bado iko salama.

Jaribu hesabu hiyo hiyo kwa bodi mpya zinazotoa volti 3.3. Ukiondoa 2.5 unabaki na 0.8 tu. Sasa kila kosa dogo linaonekana: transista moja ikidai volti 1.6 na nyingine 2.5, mkondo wa beisi unatofautiana zaidi ya mara mbili kwa rezista ile ile. Ukichagua rezista ya kuikidhi transista mbaya, ile nzuri itaivuta pini kupita kiasi. Hapa ndipo watu wanapolalamika kwamba saketi waliyoiona ikifanya kazi kwa rafiki yao inagoma kwao, kumbe rafiki alikuwa na bodi ya volti 5.

Turudi kwenye feni. Karatasi inasema kwamba kwa ampea 3, kolekta inaweza kubaki na hadi volti 2. Basi feni yako ya volti 12 inapata 10, na itazunguka polepole kuliko ulivyotarajia. Zile volti 2 hazipotei hewani. Zikizidishwa kwa ampea 3 zinakuwa wati 6 za joto, zote ndani ya kipande kidogo kuliko ukucha. TIP122 iliyosimama yenyewe bila hitisinki inapanda nyuzi 62.5 kwa kila wati, na kikomo chake ni nyuzi 150. Kwenye chumba cha nyuzi 30 inaweza kuhimili kama wati 1.9 tu. Kwa wati 6 ingetaka kupanda nyuzi 375, lakini haitafika huko kwa kuwa itakuwa imeshakufa. Ukifunga hitisinki yenye sifa ya nyuzi 8 au 10 kwa wati, pamoja na grisi ya joto, itakaa chini ya nyuzi 115. Kumbuka kwamba bati la mgongoni mwa TIP122 limeungana na kolekta. Hitisinki ikigusa bodi ya gari bila karatasi ya mika katikati, umeunganisha kolekta na hasi, na feni itazunguka moja kwa moja hata ukizima Arduino.

Kuna kosa jingine linaloua TIP122 nyingi kwenye kazi ya namna hii. Watu wanaona daiodi iliyochorwa ndani yake na kudhani imewakinga dhidi ya kishindo cha volti kinachotoka kwenye mota inapozimwa. Daiodi hiyo iko kati ya kolekta na emita, na kishindo kinakuja kwa upande ambao yenyewe haipitishi. Lazima ufunge nyingine kwenye mota yenyewe, mfano 1N5408, mstari wake ukielekea chanya. ULN2003 inazo daiodi za kazi hiyo ndani, ila hazifanyi chochote mpaka mguu wa 9 uunganishwe na chanya ya rilei. Nimeona bodi za watu wanaojifunza zenye mguu huo ukining'inia bure, na mwenye bodi anashangaa kwa nini IC haidumu.

Sasa tuseme feni inazunguka vizuri, na unataka kupunguza kasi yake kwa kuiwasha na kuizima haraka mara nyingi kwa sekunde. Hapo ndipo tabia ya tatu ya jozi inapojitokeza: inawaka upesi lakini inazima kwa uzito. Transista ikiwa wazi, beisi yake inakuwa imejaa chaji za umeme, na haifungi mpaka chaji hizo zitoke. Kwenye transista ya kwanza kazi ni rahisi, kwa sababu pini ya Arduino ikishuka kwenda sifuri inazivuta zitoke kupitia rezista. Ya pili haina bahati hiyo. Mguu wake wa beisi umeungana na emita ya ile ya kwanza, na ya kwanza ikishajifunga haiwezi kuvuta kitu kutoka huko. Ni kama daladala iliyojaa ambayo mlango umefungwa kituoni: abiria wanashuka mmoja mmoja kwa dirishani, na konda hana la kufanya ila kungoja. Chaji zinabaki ndani mpaka ziishe zenyewe, na muda wote huo mota inaendelea kupata mkondo.

Dirisha lenyewe ni rezista. Ndani ya TIP122 kuna moja ya kama om 120 kati ya beisi ya pili na emita, na nyingine ya kama kilo-om 8 kwenye ile ya kwanza. Ukijenga jozi yako kwa transista mbili za kawaida, usiache kuiweka hiyo ya pili. Inasaidia na jambo jingine ambalo joto hulifichua. Transista ya kwanza ikiwa imezimwa bado huvuja mkondo kidogo, na uvujaji huo unaongezeka joto likipanda. Bila rezista, mkondo unaovuja unaingia beisi ya pili na kukuzwa, ndiyo maana jozi isiyo na rezista inaweza kukataa kuzima kabisa mchana wa jua kali. Rezista inautafutia njia ya kwenda ardhini.

Hata kwa msaada huo, kuzima kunachukua mikrosekunde kadhaa. Kwa kasi ya kawaida ya Arduino, yaani kama mara 490 kwa sekunde, kila mzunguko una mikrosekunde 2,000 na zaidi, na hutaona tofauti. Lakini kwa kasi hiyo mota hulia kwa mlio unaosikika, na mtu anayetaka kuuondoa hupandisha hadi mara 20,000 kwa sekunde, juu ya uwezo wa masikio. Mzunguko sasa ni mikrosekunde 50. Ikiwa jozi inachelewa kuzima kwa mikrosekunde 8, umeshapoteza karibu moja ya sita ya mzunguko. Mota inazunguka hata pale ulipoagiza itulie, na kila kuchelewa ni muda ambao volti na mkondo viko pamoja kwenye transista, kwa hiyo joto linaongezeka. Dalili ni hiyo: kwa kasi ndogo hitisinki ni ya uvuguvugu, kwa kasi kubwa inachoma vidole, na mota inavuta kiasi kile kile.

Rezista zile zile huwachanganya mafundi wakati wa kupima. Weka mita kwenye om, pima kati ya beisi na emita ya TIP122 iliyo nzima. Transista ya kawaida ingeonyesha imefunga upande mmoja. Hii inaonyesha kama kilo-om 8 pande zote mbili, na nyingi zimetupwa zikiwa nzima kwa kuhukumiwa kwamba zinavuja. Ukitumia alama ya daiodi, usitarajie 1.2 pia. Mita inatoa kama miliampea moja, ambayo inapita kwenye ile rezista ya om 120 badala ya kuifungua transista ya pili, na kioo kinaonyesha 0.7 au zaidi kidogo. Jozi zisizo na rezista ndani, kama BC517, ndizo zinazokaribia 1.2, ikiwa mita yako inafika huko.

Kuna njia ya kupunguza deni la upande wa kuingilia. George Sziklai, mhandisi mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani, jina lake limebaki kwenye jozi inayounganisha transista ya NPN na ya PNP. Ukuzaji wake ni karibu sawa, lakini ishara inapanda kizingiti kimoja tu cha volti 0.6. Upande wa pato haikwepi: kolekta yake nayo husimama karibu na volti 0.9, kwa sababu ile ile.

Kwa feni yetu, ukiniuliza, ningechukua mosfeti. IRLZ44N ikipewa volti 5 kwenye geti ina ukinzani usiozidi om 0.025. Kwa ampea 3 inapoteza volti 0.075, yaani chini ya robo ya wati, na haihitaji hitisinki kabisa. Hakikisha tu ina herufi L katika jina, maana nyingi zisizo nayo, kama IRF540, zinataka volti 10 kwenye geti, na zikipewa 5 hufunguka nusu na kuungua.

Darlington imebaki pale ambapo volti moja haina thamani kubwa. Rilei ya volti 12 ya aina ndogo ya bluu huvuta miliampea 30 tu na hunasa ikifikia asilimia 75 ya volti zake, yaani 9. ULN2003 ikila volti moja, rilei inabaki na 11 na hainung'uniki. Rilei ya volti 5 ya aina hiyo hiyo huvuta kama miliampea 71 na hunasa kwa 3.75. Ukiitoa volti 0.9 zinabaki 4.1, na hapo nafasi ni finyu. Waya wa koili ukipata joto ukinzani wake unapanda, nayo inahitaji zaidi. Chaja dhaifu ikishuka hadi 4.6 wakati rilei kadhaa zinanasa kwa pamoja, moja itaanza kutikisika kwa mlio wa haraka haraka. Watu wengi hubadilisha rilei hiyo mara mbili kabla ya kupima volti kwenye koili yake.